Kiwanda cha nepi na dola ya 135: mradi wenye faida unaoweza kufa mwaka wa pili

Kisa hiki ni cha kiwanda cha nepi za watoto kinachopangwa kujengwa nje kidogo ya Nairobi katikati ya mwaka 2021. Kiwanda chenyewe nimekitunga, na namba zake nimezirahisisha ili hesabu iweze kufuatwa kwa kalamu. Viwango vya dola na vya mfumuko wa bei nitakavyovitaja vikiwa vimeshatokea ni vya kweli. Nimechagua nepi kwa sababu malighafi yake karibu yote huagizwa nje kwa dola, ilhali mnunuzi wake analipa shilingi, mara nyingi akinunua moja moja dukani jioni.

Mradi uko hivi. Mtambo unagharimu dola milioni 4, na jengo pamoja na ufungaji shilingi milioni 108. Kwa dola ya shilingi 108, jumla ni shilingi milioni 540. Benki inakopesha dola milioni 3 kwa riba ya asilimia 7. Mwaka wa kwanza, yaani 2022, kiwanda kitalipa riba tu. Deni la msingi litalipwa kwa mafungu manne sawa kuanzia 2023. Wenye kiwanda wanatoa shilingi milioni 216 zilizobaki.

Nepi moja itauzwa kwa msambazaji shilingi 12. Malighafi yake ni senti 6 za Marekani, ambazo kwa dola ya 108 ni shilingi 6.48. Umeme, ufungashaji na usafiri ni shilingi 1.52. Inabaki shilingi 4 kwa kila nepi. Mishahara, kodi ya eneo na matengenezo ni milioni 120 kwa mwaka, iwe mtambo unazunguka au umelala. Mauzo yanakadiriwa kuwa nepi milioni 50 mwaka wa kwanza, kisha 65, kisha 75, halafu milioni 80 kila mwaka hadi mwaka wa nane. Kodi ya mapato nimeiacha kando.

Ukipunguza fedha zinazobaki kila mwaka kwa asilimia 15 kwa mwaka, juu ya mfumuko wa bei, na kutoa milioni 540 za mwanzo, thamani halisi ya leo ni faida ya takriban shilingi milioni 195. Kwenye karatasi ni mradi mzuri.

Jaribio la kwanza, na mhimili uliopotea

Uchambuzi wa unyeti uliowekwa kwenye faili ya kwanza ya hesabu za mradi huu ni ule unaokutana nao kila mahali: badilisha kitu kimoja, vingine viache, andika matokeo, kisha chora mihimili kuanzia mrefu hadi mfupi. Mauzo yakipungua kwa asilimia 10, thamani inashuka kutoka milioni 195 hadi 67. Gharama za kudumu zikipanda kwa asilimia 10, inashuka hadi 141. Dola ikipanda kwa asilimia 5, thamani haitikisiki hata kidogo.

Jibu hilo la mwisho lilipaswa kumshtua kila aliyelisoma. Mradi unaonunua malighafi ya dola na kuuza kwa shilingi hauwezi kutojali bei ya dola. Ukifuatilia fomula unakuta sababu: bei ya kuuza imefungwa kwenye gharama ya malighafi, umeme, ufungashaji na usafiri pamoja na faida ya shilingi 4. Dola ikipanda, bei inapanda yenyewe, na idadi ya nepi zinazouzwa inabaki palepale. Mwandishi wa faili amedhani kwamba mama wa Kayole atalipa ongezeko lolote na kununua idadi ileile. Dhana mbili nzito zimefichwa kwenye seli moja, na mhimili wa dola umetoweka kwenye chati.

Geuza dhana hiyo upande wa pili, bei ibaki shilingi 12 hata dola ikipanda kwa asilimia 5, na thamani inashuka kwa takriban milioni 103. Kwa hiyo urefu wa mhimili wa dola ni popote kati ya sifuri na milioni 103, kutegemea unavyodhani kuhusu bei. Hapo ndipo mjadala ulipaswa kufanyika.

Kuna kasoro ya pili kwenye hiyo asilimia 5. Ilitolewa kwenye data ya miaka mitano, 2016 hadi 2021, kipindi ambacho dola ilitembea polepole kati ya shilingi 100 na 110 hivi. Ukirudi nyuma hadi 2011 unakuta jambo tofauti: dola ilianza mwaka ikiwa karibu 81, ikafika karibu 107 mwezi Oktoba, kisha ikarudi chini ya 90 kabla ya mwaka kwisha. Sarafu inayolindwa huonekana tulivu kwa miaka, halafu inaruka. Ukichukua kipindi cha utulivu tu na kukiita kipimo cha hatari, unapima uimara wa ukuta siku ambazo hakuna mvua.

Kuunganisha dola, bei na mauzo

Mahitaji ya nepi hayapungui kwa wateja kuondoka wote kwa pamoja. Mama aliyekuwa akitumia tatu kwa siku anabaki na moja ya usiku, na mchana anarudi kwenye nepi ya kitambaa. Kwa sababu dukani zinauzwa moja moja, uamuzi huo anaweza kuufanya leo jioni bila kumaliza pakiti yoyote. Ndiyo maana nimeweka kwamba kila asilimia 1 ya ongezeko la bei inapunguza idadi ya nepi kwa asilimia 1.2. Namba hiyo ni ya kukadiria, na inafaa kujaribiwa kwa 0.8 na kwa 2. Lililo muhimu ni kwamba seli ya mauzo sasa inaisoma seli ya dola, badala ya kukaa peke yake.

Kwa mwaka wa pili, ambao ndio mgumu, mfumo mzima unaingia kwenye seli sita:

```
B2  108
B3  0.5
B4  =12+B3*0.06*(B2-108)
B5  =65*(1-1.2*(B4/12-1))
B6  =B5*(B4-0.06*B2-1.52)-120
B7  =B6/(0.96*B2)
```

B2 ni bei ya dola. B3 ni sehemu ya ongezeko la gharama ambayo kiwanda kinafanikiwa kumhamishia mteja ndani ya mwaka huo: 0 maana yake bei haikuguswa, 1 maana yake imehamishwa yote. B4 ni bei ya nepi, B5 ni nepi kwa milioni, B6 ni fedha taslimu za mwaka kwa milioni, na B7 inagawa fedha hizo kwa rejesho la mkopo, ambalo mwaka wa pili ni dola 960,000. Benki inataka B7 isishuke chini ya 1.25. Chini ya 1, kiwanda hakina fedha za kulipa.

Haya ndiyo majibu ya B7:

| Dola | Bei haikuguswa | Nusu imehamishwa | Yote imehamishwa |
|---|---|---|---|
| 108 | 1.35 | 1.35 | 1.35 |
| 118 | 0.89 | 1.00 | 1.10 |
| 125 | 0.61 | 0.79 | 0.95 |
| 135 | 0.27 | 0.54 | 0.76 |

Safu ya katikati ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mwaka wa mshtuko. Mikataba na wasambazaji ina bei za miezi kadhaa, maduka makubwa hukataa bei mpya hadi washindani nao wapandishe, na mshindani mwenye shehena ya zamani ghalani anaweza kusubiri. Kwenye safu hiyo kiwanda kinaishiwa uwezo wa kulipa dola ikifika 118, na sharti la benki linavunjwa mapema zaidi, dola ikiwa karibu 111. Shilingi tatu tu juu ya bei iliyotumika kwenye mpango.

Angalia pia safu ya kulia. Hata ukimhamishia mteja ongezeko lote, dola inayokuvunja inasogea kutoka 118 hadi 122 tu, kwa sababu unachokiokoa kwenye faida ya kila nepi unakipoteza kwenye idadi. Kauli ya «tutapandisha bei» ina ukweli ndani yake, lakini inanunua shilingi nne za nafasi, basi.

Simulizi ya mshtuko

Uchambuzi wa hali hutofautiana na wa unyeti kwa sababu unasimulia kitu kinachoweza kutokea kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka. Hali mbaya ya kubandika asilimia 20 kila mahali haina simulizi. Hakuna anayeweza kusema ni tukio gani linaifanya itokee. Nilichoandika hapa ni hiki: riba za Marekani zinapanda, fedha za kigeni zinaikimbia Kenya, serikali ina deni kubwa la dola linaloiva, na shilingi inashuka. Dola inakuwa 118 mwaka wa kwanza, 135 mwaka wa pili, kisha 128 kuanzia mwaka wa tatu. Kiwanda kinahamisha nusu ya gharama miaka miwili ya kwanza, na yote kuanzia mwaka wa tatu.

Mwaka wa kwanza unapita: fedha taslimu ni milioni 59.5, na riba ni milioni 24.8. Mwaka wa pili fedha ni milioni 70.6 na rejesho ni milioni 129.6. Pengo ni milioni 59. Mwaka wa tatu fedha zinarudi hadi milioni 144 dhidi ya rejesho la milioni 116.

Sasa hesabu thamani halisi ya leo kwa miaka yote minane ya simulizi hii. Inatoka faida ya takriban milioni 16. Ndogo, lakini bado ni chanya. Mradi unalipa gharama ya mtaji wake wote, na wakati huohuo unashindwa kulipa benki mwaka wa pili. Anayesoma seli ya thamani pekee ataona hali mbaya inayovumilika, kwa sababu seli hiyo inajumlisha miaka minane, na benki haisubiri jumla.

Lipo pengo lingine ambalo faili haikuliona kabisa. Malighafi hukaa baharini na ghalani kiasi cha miezi mitatu kabla ya kuwa fedha. Stoku hiyo ikigharimu milioni 97 kwa dola ya 108, itagharimu milioni 121 kwa dola ya 135, kwa mzigo uleule. Milioni 24 za ziada zinatakiwa mwaka huohuo wenye pengo la 59. Mtaji wa uendeshaji uwe na mstari wake mwenyewe, unaosoma seli ya dola kama mistari mingine.

Mkopo wa dola si mkosaji mkuu

Kila mtu akiona kisa hiki ananyooshea kidole mkopo wa dola. Tugawanye hasara ya mwaka wa pili tuone. Rejesho limepanda kutoka milioni 103.7 hadi 129.6, ongezeko la 26. Fedha za uendeshaji zimeshuka kutoka 140 hadi 70.6, upungufu wa zaidi ya 69. Mkopo umebeba kama robo tu ya maumivu. Haishangazi ukihesabu dola zenyewe: mpango wa mwaka wa pili unahitaji dola milioni 3.9 za malighafi na chini ya milioni 1 za mkopo.

Je, mkopo wa shilingi ungeokoa? Chukua milioni 324 kwa asilimia 13, kwa ratiba ileile. Rejesho la mwaka wa pili ni milioni 123, na hata kwa dola ya 108 uwiano ni 1.14, chini ya sharti la benki. Dola ya 128 ndiyo inayofanya mikopo miwili ilingane mwaka huo. Lakini riba ya shilingi kwa kawaida huelea, na kwenye simulizi hii Benki Kuu haitakaa kimya shilingi ikianguka. Riba ikipanda kwa pointi 3, rejesho linakuwa karibu milioni 133, juu ya lile la dola. Hapo tena ni kosa la kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine: huwezi kuipeleka dola 135 na kuiacha riba ya shilingi pale ilipokuwa.

Kilichofanya kazi ni kitu cha kawaida zaidi. Ongeza mwaka mmoja kabla ya kuanza kulipa deni la msingi, na lote lisogee mwaka mmoja mbele. Gharama yake ni dola 210,000 za riba. Mwaka wa pili rejesho linashuka hadi milioni 28 hata kwa dola ya 135, na milioni 70.6 zinatosha kulilipa na kugharimia stoku. Mwaka wa tatu uwiano ni 1.17: bado uko chini ya sharti, kwa hiyo kuna mazungumzo na benki, lakini ni mazungumzo ya mdaiwa anayelipa. Pamoja na hilo, mkataba na wasambazaji uwe na kifungu cha kupitia bei kila robo mwaka dola ikipita kiwango fulani, ili B3 iwe karibu zaidi na 1. Mikataba ya kununua dola mbele kwa bei ya leo inasaidia kwa miezi, haifiki miaka, na ndani ya mshtuko wenyewe huwa ghali.

Fedha za mwaka gani

Mchambuzi makini atauliza: bei na gharama za faili hii ni za mwaka 2021, je, bei ya dola nayo ni ya 2021? Swali ni la haki. Faili isiyo na mfumuko wa bei haiwezi kuwekewa bei ya dola ya sokoni bila kuondoa tofauti ya mfumuko kati ya nchi mbili. Kuchanganya hayo ni kosa linalopatikana hata kwenye faili za watu wazoefu, na hutia chumvi hatari au kuificha kutegemea mwelekeo.

Hapa tunaweza kujipima kwa yaliyotokea. Wastani wa dola mwaka 2022 ulikuwa karibu shilingi 118. Mfumuko wa Kenya mwaka huo ulikuwa kama asilimia 7.7 na wa Marekani asilimia 8, kwa hiyo hakuna cha kuondoa. Wastani wa 2023 ulikuwa karibu 140. Kenya ilikuwa tena na kama 7.7, Marekani 4.1. Ukiondoa tofauti hiyo ya asilimia 3 na ushee, 140 inakuwa karibu 135 za fedha za 2021. Simulizi iliyoonekana kali mwaka 2021 ingegeuka kuwa maelezo ya kawaida ya 2023.

Rejesho la mkopo ni jambo tofauti. Dola 960,000 za mkataba hazipandi na mfumuko, na kwa hiyo kwenye fedha za 2021 zina uzito mdogo kuliko nilivyoonyesha, kama moja ya kumi hivi mwaka wa pili. Nimeziacha zilivyo ili jedwali lisomeke kirahisi. Ukisahihisha, uwiano wa 0.54 unasogea kidogo tu juu ya 0.6. Pengo linapungua, haliondoki.

Januari 2024 dola ilipita 160. Februari serikali iliuza hati ya deni ya dola bilioni 1.5 na kuitumia kununua sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13, na ndani ya wiki chache shilingi ilikuwa imerudi karibu na 130. Kiwanda kilichofika hapo kikiwa hai kingepumua. Kilichovunja masharti katikati ya 2023 kingekuwa tayari mikononi mwa benki.

Ambacho seli sita hazisemi

Bei ya dola kwenye B2 hudhani kwamba dola ipo. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 waagizaji wengi wa Kenya walilalamika kwamba wanapangiwa foleni benki, na kwamba bei wanayouziwa iko juu ya ile iliyochapishwa na Benki Kuu. Hali ilikuwa nzito kiasi kwamba serikali iliingia mpango wa kuagiza mafuta kwa mkopo kutoka kampuni za serikali za Ghuba, ili kupunguza msukumo wa kutafuta dola kila mwezi. Kwa faili hii maana yake ni mbili. Kwanza, B2 iwe bei ambayo benki yako inakuuzia, na ukiwa na ankara za zamani unaweza kuona ilizidi ya Benki Kuu kwa kiasi gani kila mwezi. Pili, ongeza mstari wa siku ambazo mtambo unasimama kwa kukosa malighafi. Kwenye mwaka wa pili wa simulizi yetu, mwezi mmoja wa kusimama unaondoa karibu shilingi milioni 16, na hizo hazirudishwi na bei yoyote mpya, kwa sababu nepi ambayo haikutengenezwa haina mnunuzi wa kumpandishia.